Kuchaji betri ya baiskeli ya umeme ndani ya chumba cha kupanga

"Wakuu, nimepanga chumba kimoja Ujiji. Betri ya baiskeli naichajia ndani, wakati mwingine inapata moto na kuna harufu. Niiweke wapi?"

Mkuu, anza na mlango. Vyumba vyetu vingi madirisha yana nondo, kwa hiyo mlango ndiyo njia pekee ya kutokea. Betri ikiwekwa karibu na mlango halafu ikalipuka, umefungiwa ndani na moto. Kama kuna baraza yenye kivuli au jiko la nje, chajia huko. Ikibidi iwe ndani, iweke kwenye sakafu ya saruji upande wa mbali na mlango, hatua kadhaa kutoka kwenye godoro, pazia na chandarua. Chaji ukiwa macho. Betri ya volti 48 yenye Ah 13 kwa chaja ya ampea 2 inachukua kama saa saba, kwa hiyo ukiichomeka saa nne usiku itamalizia wewe umelala.

Kuhusu harufu, ziko mbili na hazifanani. Ya plastiki inayoungua hutoka kwenye soketi au ekstensheni iliyolegea: zima swichi, ngoja ipoe, angalia kama pini zimeweka weusi, kisha badilisha soketi. Harufu tamu kali, kama tina ya rangi au dawa ya kufutia rangi ya kucha, hutoka kwenye seli zenyewe. Hiyo ina maana betri imeanza kupasuka ndani.

Joto nalo lina namna yake. Chaja kupata moto kiasi ni kawaida. Betri inatakiwa iwe vuguvugu tu, na sawasawa pande zote. Yangu niliwahi kuipapasa ikichaji nikakuta kona moja ina moto, kwingine kumepoa. Nikachomoa, nikaitoa uani kwenye mchanga mbali na ukuta. Kesho yake fundi aliifungua akapima: makundi 12 ya seli yalikuwa juu kidogo ya volti 4.1, moja lilikuwa 3.4. Kundi hilo lilikuwa linavuja umeme ndani kwa ndani na kuugeuza joto. Betri ya hivyo haichajiwi tena.

Soma pia maandishi ya chaja yako. Betri ya lithiamu ya volti 48 yenye makundi 13 inataka chaja ya 54.6V. Chaja ya betri za asidi za volti 48 hupandisha mpaka karibu 59, usiiazime hata kama pini inaingia. Na ukitoka Mwandiga juani, iache betri ipoe kwanza.

Ukisikia inazomea au ukaona moshi, usiibebe. Moshi wake ni sumu na unawaka. Toa watu, funga mlango, zima meni swichi kama iko nje, piga 114. Hata moto ukizimika, isirudishwe ndani, maana huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi.