Andika hotuba yako ukimfikiria mkalimani

Wengi wenu mnaoanza kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa mnatoka Arua, Busia au Kyaka, na Kiswahili ndiyo lugha mnayoimudu. Halafu mnapelekwa Mubende au Mityana, ambako kikundi kizima kinaongea Kiganda. Pale mtapewa mkalimani. Mara nyingi atakuwa mwalimu wa shule ya msingi au katibu wa kikundi jirani, mtu mwenye akili na moyo, ila hajasomea ukalimani na hana daftari mkononi. Wewe utasema kidogo na kunyamaza, yeye atasema, kisha utaendelea. Hotuba ya namna hii hufaulu au huharibika usiku wa kuamkia mkutano, unapoiandika.

Nitawaeleza ilivyoharibika kwangu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na somo nililolipenda sana. Nililijenga juu ya neno AKIBA, kila herufi na kazi yake. A ni amua kiasi utakachoweka. K ni kusanya kila wiki. I ni ingiza kwenye kitabu. B ni bana sanduku kwa kufuli zake tatu. A ya mwisho ni azimisha kwa utaratibu. Kule kwetu watu walikuwa wanaliimba kabla sijamaliza. Nikalipeleka kama lilivyo kwenye kijiji kimoja cha Mubende.

Mkalimani wangu, mama mmoja mwalimu, alisikia "A ni amua", akasimama. Nikaona anatazama chini. Alichofanya ni kulitamka lile neno, AKIBA, kisha akaeleza herufi moja moja kwa Kiganda. Watu walikaa kimya wakiandika. Mwishoni mwenyekiti wa kikundi akanyoosha mkono, akauliza kwa upole, na mkalimani akanirudishia: "Mwalimu, wanauliza hiyo AKIBA ofisi yake iko wapi, na kujiandikisha ni pesa ngapi."

Walidhani ni shirika. Na walikuwa na haki kabisa, kwa sababu neno la kigeni lililotajwa herufi kwa herufi, kwa masikio ya mtu wa kijijini, ni jina la mradi. Nusu saa nzima ilikwenda kuondoa mradi ambao haukuwepo.

Jioni nilikaa na yule mama tukatafuta kosa. Akaniambia, "Mwalimu, kwetu kuamua ni okusalawo, kuandika ni okuwandiika, kufunga ni okusiba, kukopesha ni okuwola. Yote yanaanza na O. Ningefanyaje?" Hapo nikaelewa kwamba somo langu lilisimama juu ya herufi, na herufi hazivuki. Mkalimani anabeba maana. Sauti ya neno, vina vyake, herufi zake, na bahati ya neno moja kuwa na maana mbili, vyote hivyo hubaki upande uliotoka.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika, pitia karatasi yako ukijiuliza swali moja kwa kila sehemu inayokufurahisha: nikilieleza hili kwa maneno mengine ya Kiswahili, bado lina nguvu? "Panda kahawa leo, kesho upande pikipiki" ni tamu kwa sababu kupanda ni kupanda mbegu na pia ni kukwea. Sema "otesha kahawa leo, kesho uendeshe pikipiki" utamu umekwisha. Basi na kwa Kiganda utakuwa umekwisha vilevile. Ifute, hata kama inauma. Kinachobaki ni ushauri kuhusu kahawa, na huo unavuka bila shida.

Lile somo la AKIBA sikulitupa lote. Zile kazi tano nilizihamishia kwenye vidole vya mkono. Nainua kidole gumba, nasema amueni kiasi. Mkalimani anainua chake, anasema kwa Kiganda. Vidole vitano vipo kwa kila mtu na havina lugha. Wanakikundi wengine niliwakuta miezi mingi baadaye bado wanavihesabu.

Methali zina habari yake. Si zote za kufuta, maana methali yenye picha hupita vizuri: "mtaka cha mvunguni sharti ainame" ni mtu, kitanda na mgongo unaoinama, na mkalimani yeyote ataichora. Lakini "haba na haba hujaza kibaba" ina raha ya vina, na kibaba chenyewe hakijulikani na vijana wengi hata wa Kiswahili. Methali kama hiyo mpe mkalimani mapema, umwambie maana tu: kidogo kidogo hufika kuwa kingi. Yule mama aliponielewa alicheka, akasema, "Kamu kamu gwe muganda." Kimoja kimoja ndicho kinachofanya mzigo wa kuni. Siku ya mkutano nilitamka yangu, akatamka yake, na watu wakaimalizia pamoja naye. Ila asingeweza kuitafuta akiwa amesimama mbele ya watu, sekunde tatu baada ya kunisikia.

Sasa urefu wa vipande. Mkalimani aliyefunzwa, mwenye daftari na alama zake, anaweza kukusikiliza dakika kadhaa mfululizo kisha akatoa yote. Wa kwetu anatumia kumbukumbu tu. Kwangu mimi kipimo ni wazo moja lililokamilika, kwa kawaida sentensi mbili, tatu zikiwa fupi. Ukizidisha hapo, ataanza kubakiza mwanzo na mwisho, na katikati kutapotea. Utajuaje? Sikiliza urefu. Umesema kwa nusu dakika na yeye amemaliza kwa sekunde nane: kuna kitu kimeachwa njiani. Dalili nyingine ni pale anapoanza na "anasema kwamba", badala ya kusema "mimi" kama ulivyosema wewe. Mara nyingi hapo ameacha kutafsiri na anafupisha.

Lakini kukata ovyo ni kubaya kuliko kurefusha. Niliwahi kusema, "Usipomaliza mkopo wa kwanza," nikanyamaza nikidhani namsaidia. Mkalimani hawezi kusimama na nusu ya sentensi mbele ya watu, kwa hiyo aliimalizia mwenyewe: usipomaliza mkopo wa kwanza utatozwa faini. Mimi nilikuwa naelekea kwenye "hupewi wa pili". Kikundi kikaondoka na kanuni ya faini ambayo haikuwa kwenye katiba yao. Ukianza na "iki", "usipo" au "kama", usinyamaze mpaka jibu lake limetoka. Na sharti lenyewe liwe fupi, ili lote liingie katika pumzi moja.

Niwaonyeshe kipande kimoja nilivyokiandika upya. Mwanzo kilikuwa hivi:

"Mwanakikundi anayenunua hisa tano kila wiki kwa shilingi 2,000 kila hisa, akivumilia wiki 35 bila kukosa, atakuwa na laki tatu na nusu, bila kuhesabu sehemu yake ya riba itakayogawanywa siku ya mgao kulingana na hisa za kila mmoja."

Kwa mtu anayesoma, hiyo ni sentensi safi. Kwa mkalimani ina namba nne na kanuni moja, na laki juu yake. Kiganda cha sokoni huhesabu pesa kubwa kwa mafungu ya elfu kumi: 10,000 ni omutwalo mmoja, na 350,000 ni emitwalo 35. Ukisema laki tatu na nusu, lazima aigeuze kichwani huku anashikilia wiki, hisa na riba. Namba ndizo huanguka kwanza. Sasa nakisema hivi, na mstari wa mshazari ni mahali ninaponyamaza:

"Hisa moja ni shilingi 2,000. Ukinunua hisa tano, umeweka elfu kumi. /
Fanya hivyo kila wiki, kwa wiki 35. /
Elfu kumi mara 35. Hiyo ni 350,000. /
Hizo ni pesa zako mwenyewe. Bado hatujahesabu riba. /
Riba tutagawana siku ya mgao. Mwenye hisa nyingi atapata zaidi."

Angalieni kwamba sikuchagua 10,000 kwa wiki kwa bahati. Kwa Kiganda hesabu inajifanya yenyewe: omutwalo mmoja kila wiki, wiki 35, emitwalo 35. Mkalimani hageuzi kitu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua mfano, chagua ule unaokaa vizuri katika lugha ya wasikilizaji, hata kama kwako mfano mwingine ungependeza zaidi.

Hiyo mistari ya mshazari iandikeni kweli kwenye karatasi, kwa kalamu nyekundu. Ukiwa umesimama mbele ya watu sitini wanaokutikisia kichwa, utapata moto na kusahau kunyamaza.

Kabla ya mkutano omba nusu saa na mkalimani, na jioni ya kuamkia mkutano ni bora kuliko asubuhi yake. Mpe karatasi. Zungushieni duara namba na maneno ya kazi, kisha mwambie akutajie kila moja kwa Kiganda. Hapo ndipo nilipogundua kwamba faida na riba vyote viwili vilikuwa vinatoka mdomoni mwake kama amagoba. Mimi nilikuwa nafundisha tofauti ya vitu viwili, watu wanasikia kimoja. Tukakubaliana kwamba riba nitaiita "pesa anayoongeza mkopaji anaporudisha", kila mara, bila kufupisha. Ni ndefu, lakini kila mtu aliielewa.

Na kwa kuwa Kiswahili na Kiganda ni ndugu, jihadharini na maneno yanayofanana. Wasikilizaji wanayadaka moja kwa moja kutoka kwako kabla mkalimani hajafungua mdomo. Ukisema "msitupe taka hapa" wapo watakaosikia ettaka, ambayo kwao ni udongo au ardhi. Kwenye kikundi chenye mgogoro wa mashamba, sema "uchafu" tu.

Kuhusu muda, ukiambiwa una dakika 40, andika hotuba ya dakika 18. Mkalimani atachukua kama hizohizo, na zilizobaki ni za swali moja ambalo mimi siliachi. Mwishoni namwomba mwanakikundi yeyote anieleze, kwa Kiganda, mtu wa hisa tano atakuwa na pesa ngapi baada ya wiki 35. Simwulizi mkalimani kama wameelewa, maana kwa heshima atasema ndiyo. Nasubiri kusikia emitwalo, na namba inayofuata. Ikija nyingine, narudi kwenye kipande cha kwanza, hisa moja ni shilingi 2,000, na tunaanza tena.