Swali la lugha: "Umethibitishwa kazini" au "umeajiriwa rasmi"?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa ofisi kwenye kampuni ya kukusanya korosho, Newala. Nimeambiwa niandike barua ya dada mmoja wa ghalani aliyemaliza miezi sita ya majaribio. Nimeandika hivi: "YAH: UTHIBITISHO WA AJIRA. Ninafuraha kukujulisha kuwa umedhibitishwa na umeajiriwa rasmi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 kwa masharti ya kudumu. Mshahara wako umeongezwa kwa shilingi 480,000. Mengineyo yatabaki vilevile." Bosi kasema iko sawa, mhasibu kagoma. Nani mkweli?*

Marahaba, mwanangu. Mhasibu wako mpe soda, nitakwambia kwa nini.

Tuanze na jepesi. Neno ni kuthibitishwa, kwa "th". Kudhibiti ni kuzuia au kusimamia kwa nguvu: polisi hudhibiti magendo, bwana shamba hudhibiti ubwiriunga kwenye mikorosho. Mtumishi hadhibitiwi kazini kwa barua. Huku kwetu wengi tunatamka "sibitisha" na "zibiti", basi ikifika kuandika mtu anajua pana herufi mbili zinazotakiwa, ila anaokota isiyo yake. Na "nina furaha" ni maneno mawili.

Kichwa cha barua nacho kinataka kusogezwa kidogo. "Uthibitisho wa ajira" ni jina ambalo benki imeshalichukua. Mtu akienda kuomba mkopo huambiwa alete barua ya uthibitisho wa ajira, yaani mwajiri aseme kwamba fulani ni mfanyakazi wake na analipwa kiasi fulani. Barua hiyo haibadilishi chochote baina ya mwajiri na mfanyakazi, wakati yako inabadilisha. Andika "YAH: KUTHIBITISHWA KAZINI", na atakayefungua jalada miaka kumi baadaye hatachanganya.

Sasa penye uzito. Umeandika "umeajiriwa rasmi kuanzia tarehe 1 Septemba". Dada huyo aliajiriwa lini? Kama majaribio yalikuwa miezi sita na yameisha tarehe 31 Agosti, basi aliajiriwa tarehe 1 Machi, na siku hiyo ajira yake ilikuwa rasmi kama ya mwingine yeyote. Majaribio ni sehemu ya ajira, si veranda ya kungojea mlango ufunguliwe. Ukisema ameajiriwa Septemba umemfutia nusu mwaka kwa kalamu. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kiinua mgongo huhesabiwa kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi usiokatika, mshahara wa siku saba kwa mwaka, hadi miaka kumi. Hesabu inaanza siku alipoingia kazini. Akiachishwa kazi Machi mwaka fulani, barua inayosema Septemba itamwondolea mwaka mmoja mzima kwenye hesabu, au angalau itazua ubishi mbele ya msuluhishi. Kitenzi kimoja tu, "umeajiriwa", ndicho kitakachokuwa kimesababisha yote hayo.

Kwa hiyo mwandikie "umethibitishwa kazini kuanzia tarehe 1 Septemba 2025", kisha sentensi ya pili: "Utumishi wako utaendelea kuhesabiwa tangu tarehe 1 Machi 2025." Usiandike "utathibitishwa", maana hiyo ni ahadi, na mtu aliyeahidiwa bado yuko majaribioni.

Neno "kudumu" lichunguze kabla hujalitumia. Kuthibitishwa ni jambo moja, kuwa na ajira ya kudumu ni jingine. Chukua mkataba wake uusome: kama haukutaja tarehe ya mwisho, "ajira ya kudumu" ni sawa, ndivyo watu wasemavyo, ingawa sheria husema mkataba wa kipindi kisichojulikana. Kama ni mkataba wa miaka miwili, atathibitishwa na mkataba utabaki wa miaka miwili vilevile. Kuna pia wanaonakili barua za serikalini na kuandika "masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni". Maneno hayo yana kwao, utumishi wa umma. Kampuni ya korosho isiyo na mpango wake wa pensheni ikiyaandika inaahidi kitu ambacho haikukusudia.

Mhasibu nadhani aligomea mshahara. Mshahara wa majaribio ulikuwa kiasi gani? Tuseme ni 400,000. "Umeongezwa kwa shilingi 480,000" maana yake nyongeza yenyewe ni 480,000, kwa hiyo alipwe 880,000. Ulichotaka ni "hadi": umeongezwa hadi 480,000. "Kwa" hutaja kilichoongezeka, "hadi" hutaja kilipofikia. Katika mazungumzo ghalani hakuna atakayekosea, kila mtu anajua mishahara ya pale. Kwenye barua iliyosainiwa, mwenye barua ana haki ya kuisoma kama ilivyoandikwa. Mimi hupenda kuweka cha zamani na kipya pamoja: "kutoka shilingi 400,000 hadi shilingi 480,000 kwa mwezi, kabla ya makato." Kwa mtindo huo hata kidole cha mpiga chapa kikiteleza, kosa linaonekana palepale.

"Mengineyo yatabaki vilevile" ni maneno ya kuagana barazani. Mengineyo yapi, na vilevile kama nini? Taja hati: "Masharti mengine yote ya mkataba wako wa tarehe 1 Machi 2025 yatabaki kama yalivyo." Ila usiiandike kabla ya kuuliza kama kuna kingine kinachobadilika. Mara nyingi kipo. Anayethibitishwa huhamishwa kituo, tuseme kutoka ghala la Newala kwenda Masasi, na bosi anamwambia kwa mdomo. Ukinyamaza kuhusu kituo halafu ukaandika kwamba mengine yote yamebaki, umesema kwa maandishi kwamba kituo chake ni Newala.

Kwa ufupi barua iwe hivi:

"YAH: KUTHIBITISHWA KAZINI

Baada ya kumaliza kipindi cha majaribio tarehe 31 Agosti 2025, nina furaha kukujulisha kwamba umethibitishwa kazini katika nafasi ya karani wa ghala kuanzia tarehe 1 Septemba 2025. Utumishi wako utaendelea kuhesabiwa tangu tarehe 1 Machi 2025.

Kama tulivyokubaliana, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 mshahara wako umeongezwa kutoka shilingi 400,000 hadi shilingi 480,000 kwa mwezi, kabla ya makato, na kituo chako cha kazi kimebadilika kutoka Newala kuwa Masasi. Masharti mengine yote ya mkataba wako wa tarehe 1 Machi 2025 yatabaki kama yalivyo."

"Kama tulivyokubaliana" si pambo. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti yaliyoandikwa ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kama hamjakaa naye mkazungumza habari ya Masasi, usiyaandike maneno hayo. Mwambie bosi akaongee naye kwanza.

Na chini, penye saini ya dada, usiandike "Nimepokea" peke yake. Aliyepokea amekiri kwamba karatasi imemfikia, basi. Andika "Nimesoma na nimekubali mabadiliko haya", kisha jina, saini na tarehe, nakala mbili, moja aende nayo nyumbani.