"Kila saa 8" si "saa 8": kutafsiri maelezo ya dozi ya ALu

Kama unaanza kazi ya kutafsiri karatasi za maelezo ya dawa, anza na ALu. Tanzania iliifanya dawa ya chaguo la kwanza kwa malaria isiyo kali mwaka 2006. Ukiweza kuiandika dozi yake bila utata, dawa nyingine nyingi zitakuwa nyepesi kwako.

Chukua mtoto wa kilo 18 na kidonge cha kawaida chenye artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Kila dozi ni vidonge 2, na dozi ni 6 kwa siku 3, kwa hiyo jumla ni vidonge 12. Dozi ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza. Siku ya pili na ya tatu anapewa mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili zikipita kati ya dozi na dozi. Kwa mhudumu wa afya haya ni ya kila siku. Sasa tazama inavyokuwa mfasiri akiyaandika hivi: "Dozi ya pili apewe saa 8 baada ya ya kwanza. Kisha vidonge 2 mara 2 kwa siku kwa siku 2."

Sarufi yake haina kosa, lakini "saa 8" ni saa ya ukutani pia. Mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa 3 asubuhi atasubiri saa 8 mchana ndipo ampe ya pili. Hapo zimepita saa tano tu, wakati alipaswa kungoja mpaka saa 11 jioni. Aliyeanza saa 10 jioni ana shida zaidi: ama aamke saa 8 usiku, saa kumi zikiwa zimepita, ama alale na kumpa saa 8 mchana wa kesho, zikiwa zimepita saa 22. Ilitakiwa ampe saa 6 usiku.

Kosa hili hudumu kwa sababu mara nyingine halidhuru. Anayesoma "kila saa 12" kama saa ya ukutani atatoa dawa saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na kwa bahati hiyo ndiyo nafasi sahihi. Hata "saa 8" hutoka sawa ikiwa dozi ya kwanza ilitolewa saa 12 asubuhi. Kwa hiyo usijaribu maandishi yako kwa mfano unaoanzia saa 12, utadanganyika. "Kila saa 6" kwenye dawa nyingine haina bahati hiyo, maana saa 6 ziko mbili tu, ya mchana na ya usiku, na mgonjwa atakosa nusu ya dozi zake.

Tafsiri rejeshi nayo haitakuokoa. Anayerudisha Kiswahili chako kwenye lugha ya awali ni msomi mwenzako. Anajua dawa hupangwa kwa muda, basi anarudisha muda uleule na mteja anaona kila kitu kimekaa sawa.

Namna ya kuandika ni hii. Muda unaopita uandike kwa neno linalokataa kuwa saa ya ukutani: "subiri saa nane zipite" au "masaa manane yakishapita". Wahariri wengi wataifuta "masaa" kwa kuwa si sanifu. Kwenye karatasi ya dawa mimi ningeiacha, kwa sababu hakuna anayesema "masaa manane" akimaanisha saa 8 mchana. Baada ya muda, weka mfano wa saa ya ukutani pamoja na kipindi cha siku, kila mara: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kamwe usiache "8:00" ya matini chanzi ilivyo. Msomaji wako ataiita saa 8, hali iliyokusudiwa ni saa 2.

Mtoto wetu, kama ameanza saa 3 asubuhi, anaandikiwa hivi:

Leo saa 3 asubuhi: vidonge 2.
Leo saa 11 jioni: vidonge 2.
Kesho saa 3 asubuhi: vidonge 2.
Kesho saa 3 usiku: vidonge 2.
Kesho kutwa saa 3 asubuhi: vidonge 2.
Kesho kutwa saa 3 usiku: vidonge 2. Vidonge vimekwisha.

Hapo saa yetu inasaidia sana: dozi za kila saa kumi na mbili zina namba ileile asubuhi na usiku, na asiyejua kusoma anaikariri akisomewa mara moja. "Asubuhi na jioni" peke yake haitoshi, kwa kuwa saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni ni saa nane, si kumi na mbili. Ila saa za mfano ni nyongeza yako, hazimo kwenye matini chanzi. Ziwekee alama na umwombe mfamasia wa mradi azikubali kwa maandishi.

"Mara 2 kwa siku kwa siku 2" ivunje kabisa. Ikisomwa kwa sauti haraka, "kwa siku" moja humezwa, na kinachobaki ni "mara 2 kwa siku 2". Vivyo hivyo "2x3" ya kwenye bahasha za duka la dawa na "vidonge viwili kutwa mara tatu": mmoja atameza sita kwa siku, mwingine atagawa viwili hivyo mara tatu. Orodha kama ile ya juu haihitaji kuzidisha wala kugawanya.

Angalia pia uzito. Chanzo kinaweka alama ya "chini ya" kati ya makundi, nawe ukiandika "kilo 5 hadi 15: kidonge 1" na "kilo 15 hadi 25: vidonge 2", mtoto wa kilo 15 yumo kote kuwili. Andika "kuanzia kilo 15, lakini hajafika kilo 25".

Kutapika kuna mtego uleule. "Akitapika ndani ya saa 1, rudia dozi" iwe "Akitapika kabla ya saa nzima kupita tangu ameze, mpe tena vidonge 2". Kama chanzo chako kinataja muda mwingine, fuata chanzo. Lakini hesabu vidonge: akirudia dozi, pakiti ya 12 itapungukiwa viwili. Ikiwa chanzo hakisemi vya kuongeza vitoke wapi, usibuni, uliza.

Mwisho, jaribu kwa watu. Tafuta mtu anayesoma kwa shida, au asiyesoma kabisa akisomewa na mwanawe, maana nyumbani ndivyo itakavyokuwa. Usimuulize "umeelewa?", kwani kwa adabu atakuambia ndiyo. Mpe maharage 10, badala ya vidonge vinavyobaki baada ya dozi ya kwanza, na umwambie: "Tuseme mtoto umempa dozi ya kwanza sasa hivi. Ya pili utampa lini, na vingapi? Panga mpaka viishe." Fanya jaribio hilo asubuhi kwa wengine na jioni kwa wengine. Andika saa aliyoitaja na maharage aliyoyatenga, neno kwa neno, bila kumsahihisha kabla hajamaliza. Wawili wakikosea mahali pamoja, badilisha sentensi, kisha ijaribu kwa watu wengine, kwa sababu wale wa kwanza sasa wanajua jibu.