Maswali na majibu: Fomula ya maji haifai kwa sodiamu

Safari hii maswali karibu yote yameangukia kwenye sodiamu ya moto inayopita ndani ya bomba, kwa hiyo nimeyapanga yafuatane, la kwanza ndo limebeba mengine.

Kaka, bomba langu lina kipenyo cha milimita 25, sodiamu ya nyuzi 400 inapita kwa mita 3 kwa sekunde. Nimetumia fomula ya Dittus-Boelter nimepata h, yaani kiwango cha joto kuhama kati ya ukuta na sodiamu, ya 150,000. Ndo sodiamu ilivyo au nimekosea?

Hesabu umepiga sawa, fomula ndo siyo yenyewe. Kwa joto hilo sodiamu ina densiti kama kilo 856 kwa mita ya ujazo, joto mahususi cp kama 1,280, upitishaji wa joto k kama 70, na mnato kama 0.00028, kwa hiyo namba ya Prandtl, Pr, inatoka 0.005 na namba ya Reynolds, Re, inakuja karibu 230,000. Ukiziingiza kwenye

Nu = 0.023·Re^0.8·Pr^0.4

unapata namba ya Nusselt, Nu, ya 54, nayo ni h gawanya kwa k/D, na k/D ni 2,800, ukizidisha ndo hiyo 151,000 yako. Shida ni kwamba fomula hii ilipatikana kwa vipimo vya maji, hewa na vimiminika vya aina hiyo, vitabu vinaiwekea mpaka Pr isishuke chini ya 0.7 hivi, na wewe uko chini ya mpaka huo zaidi ya mara mia. Hapo haikuambii kitu, inatoa namba tu kwa sababu kikokotoo hakigomi.

Sasa chukua ya Lyon ya mwaka 1951, ambayo ni ya metali kimiminika kwenye bomba linalopashwa joto sawasawa urefu wote:

Nu = 7 + 0.025·Pe^0.8

Pe ni Re mara Pr, kwako kama 1,170. Nu inatoka 14, na h kama 39,500. Yaani ulizidisha karibu mara nne. Tuseme unapitisha megawati 1 kwa kila mita ya mraba: kwa hesabu yako ukuta wa ndani umeizidi sodiamu kwa nyuzi 6.6 tu, kwa hesabu ya Lyon ni nyuzi 25. Ukuta unaodhani uko 407 kumbe uko 425. Na usidharau hiyo 39,500, bado ni h kubwa sana, ila ukubwa wake umetoka kwenye k, sio kwenye msukosuko wa mtiririko.

Lakini Re ya 230,000 si ni msukosuko mkali kabisa? Kwa nini usichanganye joto kama unavyochanganya kwenye maji?

Unachanganya sana tu, ila joto halisubiri kuchanganywa. Hapa ndo penye kiini chote kwa hiyo nivumilie kidogo.

Pr inalinganisha vitu viwili, jinsi mwendo unavyosambaa kwa mnato na jinsi joto linavyosambaa kwa upitishaji wa kawaida. Pr ikiwa 0.005 maana yake joto linasambaa lenyewe mara 200 zaidi ya mwendo. Kwenye bomba lako, ukikadiria, vile vizingia vya msukosuko pale vinapokuwa na nguvu zaidi vinasambaza mwendo kama mara 350 kuliko mnato unavyofanya. Sasa hiyo 350 ipeleke kwenye joto. Kwa maji ya moto yenye Pr ya 2 unazidisha kwa 2, vizingia vinabeba joto mara 700 kuliko upitishaji, kwa hiyo katikati ya bomba joto linakuwa karibu sawa kote na ukinzani wote unabanwa kwenye kautando kembamba kalikogusa ukuta. Kwa sodiamu unazidisha kwa 0.005, inabaki 1.8. Yaani vizingia vikijitahidi mwisho wa uwezo wao havifiki hata mara mbili ya kile ambacho metali inapitisha yenyewe ikiwa imetulia.

Na hata hiyo 1.8 ni ya kupunguza, maana donge la sodiamu likibanduka ukutani na moto wake linaupoteza njiani kwa majirani kabla halijafika katikati, ni kama kuchota maji kwa pakacha. Ndo maana Prandtl ya msukosuko, Pr_t, kwenye metali kimiminika inapanda juu ya 1 wakati kwenye maji na hewa inakaa karibu na 0.85 hadi 0.9.

Matokeo yake ni kwamba tofauti ya joto haikai ukutani peke yake, inatanda kutoka ukutani hadi katikati ya bomba. Dittus-Boelter imejengwa juu ya wazo kwamba kila kitu kinaamuliwa kwenye ule utando wa ukutani ambako mnato unatawala, ndo maana ni zao la Re na Pr zikiwa kila moja na kipeo chake. Kwa metali umbo lenyewe la fomula inabidi libadilike liwe jumla: sehemu moja ya upitishaji ambayo ipo hata msukosuko usipofanya kitu, halafu unaongeza ya msukosuko. Na ndani ya Pe mnato unajifuta kabisa, inabaki kasi, kipenyo na usambaaji wa joto tu, na ni haki yake kwa sababu mnato hauna kauli kubwa hapo.

Hiyo 7 imetoka wapi, na mbona kitabu kingine kina 5?

Fikiria sodiamu inapita kama fimbo ngumu, kasi moja kuanzia ukutani hadi katikati, hakuna msukosuko kabisa. Ukipasha ukuta kwa kiasi kilekile cha joto kila mahali hesabu inatoa Nu ya 8 kamili. Ukiushikilia ukuta kwenye nyuzi moja urefu wote inatoa 5.78. Mtiririko wa msukosuko una kasi iliyolala karibu kama ya fimbo ila pembeni inashuka, kwa hiyo 8 inateremka kuwa 7 hivi na 5.78 inateremka kuwa 5 hivi. Ile ya 5 ni ya Seban na Shimazaki, ni ya ukuta wenye nyuzi moja, ya 7 ni ya ukuta unaopashwa kwa kiasi kilekile cha joto kila mahali.

Kwenye maji ya msukosuko hatujali sana ukuta unapashwaje, jibu ni karibu lilelile. Kwenye sodiamu unatakiwa ujali, kwa sababu ukinzani umetanda bomba zima. Kwa bomba lako tofauti ni Nu 14 dhidi ya 12.

Mimi sodiamu inaenda taratibu, Re 10,000, Dittus-Boelter ikanipa Nu 4.4, ndogo kuliko ya Lyon. Si ulisema inazidisha?

Inazidisha ukiwa juu, inapunguza ukiwa chini. Kwa Re hiyo Pe ni kama 50 na Lyon anatoa 7.6. Zinakutana karibu na Re 20,000, na mtu aliyelinganisha hapo tu ataondoka akiamini zinakubaliana. Halafu iangalie vizuri 4.4 yako, mtiririko tulivu kabisa una 4.36, sasa msukosuko umeenda wapi? Namba kama hiyo yenyewe inakupigia kelele kwamba fomula imetoka nje ya mipaka yake.

Nimekuta fomula nyingi za sodiamu na hazikubaliani. Nishike ipi?

Kwa bomba la swali la kwanza, lenye Pe ya 1,170, Lyon anatoa Nu ya 14.1, ile ya Skupinski na wenzake ya 1965, Nu = 4.82 + 0.0185·Pe^0.827, inatoa 11.2, na ya Lubarsky na Kaufman ya 1955 waliokusanya vipimo vya wengi, Nu = 0.625·Pe^0.4, inatoa 10.6. Ya Lyon ni ya nadharia, hizi mbili ni za vipimo, na vipimo vingi vya zamani vinaangukia chini ya nadharia.

Sababu moja ni themokapo, na hii watu wanaipuuza. Kwa megawati 1 kwa mita ya mraba, chuma cha pua chenye k ya 20 kinadondosha nyuzi 50 kwa kila milimita moja. Wewe unatafuta tofauti ya nyuzi 25 kati ya ukuta na sodiamu. Ukikosea mahali ncha ya themokapo ilipo kwa milimita 0.2 tu, umeshakosea nyuzi 10, Nu yako imeshaharibika kwa karibu nusu, na bado hujagusa sodiamu. Sababu nyingine ni uchafu, oksijeni inatengeneza oksaidi inayoganda ukutani, na gesi iliyonaswa inafanya metali isiushike ukuta vizuri. Dalili yake ni Nu inayoshuka siku hadi siku kwa mtiririko uleule, ukiiona hiyo kasafishe kwanza mtego baridi, kile chombo cha kunasa oksaidi, kabla hujaanza kutunga fomula mpya. Na ukishuka chini ya Pe 100 hivi joto linaanza kurudi nyuma kwa upitishaji kwenye urefu wa bomba, sodiamu haipandi nyuzi kwa mstari ulionyooka kama unavyodhani, Nu unayoihesabu inatoka ndogo kwa uongo.

Mimi kama nahofia ukuta kuwa moto mno nashika Skupinski, kwa bomba hilo inatoa nyuzi 32 badala ya 25. Lakini bomba lenye unene wa milimita 2 linadondosha nyuzi 100 ndani ya chuma chenyewe, kwa hiyo usikeshe unabishania hizo nyuzi 7 wakati unene wa bomba hujaupima.

Kwenye simulesheni niiache Pr_t 0.85 iliyokuja na programu?

Usiiache. Hiyo ni ya hewa na maji, kwa sodiamu inavipa vizingia joto jingi kuliko vinavyobeba na Nu inapanda. Kays mwaka 1994 alipendekeza Pr_t = 0.85 + 0.7/Pe_t, ambapo Pe_t ni mnato wa msukosuko ugawe kwa mnato wa kawaida, halafu zidisha kwa Pr. Pale kwenye 1.8 yetu inatoa kama 1.24, na ukisogea ukutani inapanda zaidi. Kuwa makini pia na sheria ya ukutani ya joto, ile ya logariti, maana kwa Pr hii upitishaji unatawala hadi y+, yaani umbali kutoka ukutani usio na kizio, ya mia kadhaa, kwa hiyo seli yako ya kwanza iliyokaa y+ 40 bado iko ndani kabisa ya eneo la upitishaji. Kabla hujaenda kwenye umbo lako gumu, endesha bomba tupu lililonyooka kwa Pe ya 1,170, Nu ikitoka nje ya 10.5 hadi 14 rudi kwenye Pr_t na seli za ukutani.