Picha ya Timeline inasema gesti, yeye anasema gereji

"Mume wangu alisafiri Lindi kwenda Mtwara. Nimeona skrinishoti ya Timeline ya simu yake, ile kumbukumbu ya Google Maps ya sehemu simu ilikopita: gesti ya Mikindani, saa 7:10 hadi 8:25 mchana. Anasema alikuwa gereji ya jirani, gari liliharibika. Nimwamini nani?"

Dada yangu, kwenye picha hiyo muda una uzito kuliko jina. Simu haijui gesti wala gereji. Inachohifadhi ni nukta za ramani na saa zake, ikizipata kwa setilaiti, waifai za karibu na minara ya simu. Google Maps ikiona nukta zimetulia sehemu moja, inakisia jina kutoka kwenye orodha ya maeneo ya jirani. Gereji ya uchochoroni ambayo haijaandikishwa kwenye ramani haiwezi kutokea kabisa, basi gesti yenye kibao inachukua nafasi yake. Mtu akiwa chini ya bati, nukta inaweza kuhama makumi ya mita.

Kwa hiyo picha inaonyesha kwamba simu (simu, si lazima mwenyewe) ilitulia eneo lile kwa saa moja na robo. Mlango gani, haisemi.

Kaeni naye mfungue Timeline kwenye simu yake, maana siku hizi kumbukumbu hizo hukaa kwenye simu yenyewe. Gusa kituo kile uone maeneo mengine inayopendekeza. Ila jina na saa vinaweza kuhaririwa kwa mkono, na skrinishoti haionyeshi hilo. Mimi ningeomba risiti ya fundi kwanza.