Saa ya kwanza ya mtoto: ya mishale au ya namba?

"Wakuu, binti yangu ana miaka sita na nusu na anataka saa ya mkononi. Baba yake anasema nimchukulie ya dijitali kwa kuwa haiharibiki ovyo. Mimi nataka kwanza ajue kusoma saa. Nichukue ipi, na nimfundisheje bila kumchanganya?"

Chukua ya mishale, dada. Baba yake ana hoja kwenye uimara, lakini ya mishale pia hudumu ukiichagua vizuri. Mimi ni fundi saa, na wanangu wote wamejifunzia kwenye meza yangu ya kazi, kwa hiyo nakueleza ninavyoichagua mwenyewe.

Nianze na uso wa saa, maana hapo ndipo wengi wanapopotezwa na urembo. Saa nyingi za watoto zimejazwa picha katikati. Mshale mweusi ukipita juu ya nywele nyeusi za katuni hauonekani tena, na mtoto anabaki kukisia. Tafuta uso mweupe au wa rangi moja nyepesi, wenye namba zote kumi na mbili zilizosimama wima. Zile zinazolala kufuata duara zina shida yake: 6 ya chini inageuka kichwa chini na mtoto anaiita 9. Pembezoni kuwe na namba ndogo za dakika, 5, 10, 15 hadi 60. Mshale mrefu ufike kabisa kwenye alama za dakika, na mfupi uishie chini ya namba za saa. Mishale hiyo miwili ikitofautiana rangi ni bora zaidi, hasa kama mfupi una rangi ileile ya namba za saa na mrefu una rangi ya namba za dakika. Dirisha la tarehe halina kazi kwa mtoto huyu, linakula tu nafasi ya namba moja.

Kisha fanya jaribio hili hapohapo kabla hujalipa. Vuta kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia, uzungushe mshale mrefu mpaka usimame juu ya 12 barabara. Mshale mfupi lazima uwe juu ya namba barabara pia. Ukiukuta umesimama katikati ya namba mbili, au umepitiliza kidogo, rudisha saa hiyo. Jaribu vilevile kwenye 6: mshale mrefu ukiwa 12 na mfupi ukiwa 6, inatakiwa uone mstari mmoja ulionyooka. Saa za bei ya chini hukosea hapa mara nyingi kwa sababu mishale imebandikwa haraka haraka kiwandani. Mtu mzima hajali, lakini mtoto anayejifunza atafundishwa uongo kila siku, na wewe utadhani haelewi. Jaribio hilohilo lirudie kila saa ikianguka vibaya, kwa kuwa kishindo huweza kuusogeza mshale kwenye ekseli yake.

Kwenye uimara mambo ni machache. Kioo cha plastiki kinakwaruzika upesi ila hakipasuki kirahisi, na mikwaruzo midogo inatoka kwa kusugua taratibu na dawa ya meno kwa kitambaa laini. Kioo cha madini kinavumilia mikwaruzo zaidi, lakini kikigonga ukuta wa zege pembeni kinamegeka. Kwa umri huo mimi ninapendelea plastiki, au kioo cha madini kilichozama chini ya ukingo wa kasha, ili kishindo kipokelewe na ukingo.

Mkanda ndio unaopoteza saa kuliko kitu kingine chochote. Ile mikanda ya vipande viwili inashikwa na pini mbili nyembamba zenye springi, na pini moja ikifyatuka kwenye bembea saa imekwenda. Chagua mkanda wa nailoni wa kipande kimoja unaopita chini ya kasha na kushika pini zote mbili. Pini moja ikitoka, saa inabaki inaning'inia mkononi. Ikiwa bado hawezi kufunga bizimu mwenyewe, chukua wa kunata, ila nyuzinyuzi zinajaa kwenye vile vikulabu navyo vinaacha kushika. Vichokoe kwa sindano mara kwa mara. Ukubwa wa kasha wa milimita 28 hadi 30 unatosha. Zile pembe zinazoshika mkanda zisipite upana wa kifundo cha mkono wake, la sivyo zitakuwa zinakwama kwenye kila nguo.

Kuhusu maji, soma mgongo wa saa. Kilichoandikwa 30M hakimaanishi kuzama mita thelathini. Ni kipimo cha shinikizo la maabara, maji yakiwa yametulia, na kwa matumizi kinamaanisha kunawa mikono na kunyeshewa. Mtoto wa miaka sita anahitaji walau 50M, ambayo pengine huandikwa baa 5. Hata hiyo haisaidii kitu kama kitufe cha pembeni kimevutwa, na watoto wanapenda sana kukivuta. Mfundishe siku ya kwanza: mshale wa sekunde ukisimama, kikandamize ndani. Ukiona mvuke chini ya kioo usiianike juani, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo kabla kutu haijaanza.

Na mfuniko wa nyuma uwe wa skurubu au wa kubanwa kwa nguvu, usiofunguka kwa kucha. Betri ya duara ikimezwa inaweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu. Ukihisi kameza, usisubiri dalili, mkimbize hospitali.

Sasa kufundisha. Hapa ndipo saa ya mishale inapolipa, hasa kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Kwenye dijitali, mtoto akiona 07:00 inabidi atoe sita ndipo apate saa moja, na mtoto wa darasa la kwanza hiyo si hesabu ya kufanya akitembea. Kwenye mishale hahitaji kutoa chochote. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, atazame ng'ambo ya pili ya duara: kuna 1. Ukiwa kwenye 10, ng'ambo yake ni 4. Wengine huamua kuirudisha saa nyuma saa sita ili namba isomeke moja kwa moja. Sikushauri, kwa sababu saa hiyo haitalingana na nyingine yoyote atakayokutana nayo ukutani.

Usianze na mishale yote miwili. Chukua saa kuukuu ya ukutani, fungua kioo, chomoa mshale wa sekunde na ule mrefu, acha mfupi peke yake. Mshale mfupi peke yake unatosha kukueleza wakati kwa makadirio mazuri. Muulize tu: umefika, umepita kidogo, uko katikati, au unakaribia? Akikujibu kwa sentensi nzima, "imepita kidogo saa mbili", "inakaribia saa tano", bila kusita, hapo rudisha mshale mrefu na umfundishe kuhesabu dakika kwa tano tano.

Tuchukue mfano mmoja. Mshale mfupi umekaribia kabisa 11, mrefu uko kwenye 10. Ni saa nne na dakika hamsini. Mtoto ambaye hakupitia hatua ya mshale mmoja atasema saa tano na dakika hamsini, kwa sababu kwa macho yake mfupi uko kwenye 11, na ng'ambo ya 11 ni 5. Ukimwambia "umekosea" hutamsaidia. Ziba mshale mrefu kwa kidole, umuulize mfupi umefanya nini. Atasema unakaribia saa tano. Basi saa tano haijafika, bado tumo ndani ya saa nne. Toa kidole, asome dakika.

Mwanangu wa pili alinifundisha kusikiliza kosa lenyewe kabla ya kusahihisha, kwa kuwa ukubwa wa kosa unakuambia limetoka wapi. Akikosea kwa saa moja kamili, ni hilo la mshale unaokaribia. Akikosea kwa saa sita, amesahau kutazama ng'ambo. Akikosea kwa nusu saa kamili, ametazama ng'ambo mara mbili: mshale mrefu uko kwenye 2, dakika kumi, yeye anauvusha hadi 8 na kusema dakika arobaini. Hili la mwisho ndilo gumu kuling'amua, na ndiyo maana ninasisitiza rangi. Kwetu kanuni ilikuwa kwamba mfupi mwekundu unavuka, mrefu wa buluu hauvuki. Na jibu likiwa halina mantiki kabisa, kama saa nane na dakika thelathini na tano wakati ni saa moja na dakika kumi, amebadilisha mishale yenyewe.

Robo na nusu zinakuja zenyewe baada ya hapo. "Kasorobo" na "kasoro dakika kumi" ziache mpaka azoee kusoma kwa kwenda mbele, kwani kasoro inamtaka ahesabu kinyumenyume na kuitaja saa ambayo bado haijafika, yaani kinyume na ulichomfundisha kwa kidole muda si mrefu. Mimi husubiri hadi mtoto mwenyewe aulize kwa nini bibi yake anasema "saa tano kasoro dakika kumi" na yeye anasoma saa nne na dakika hamsini. Akishauliza hivyo, mweleze, ataelewa kwa mara moja.

Dijitali mpe baadaye akitaka ya kupimia muda wa mbio.