Dar hadi Mbeya kwa basi la mchana na watoto watatu

"Habari zenu ndugu. Likizo ya mwezi wa sita natarajia kwenda Mbeya kutoka Dar kwa basi la asubuhi, mimi na wanangu watatu: wa miaka 11, wa 6 na wa miaka 2. Mwenye uzoefu anisaidie, niwashughulishe vipi njia nzima?"

Mama mwenzangu, njia hiyo nimeipita na wangu mara tatu. Safari ya mwisho walikuwa na miaka 12, 7 na miwili na nusu. Safari ya kwanza niliharibu mwenyewe: tulipofika Kibaha tu, wa kati akalia kidogo, nikampa simu. Tulipoingia Morogoro chaji imekwisha, na mbele yetu kulikuwa na saa kumi za barabara bila kitu chochote kipya cha kuwapa.

Tangu hapo naigawa safari kwa barabara yenyewe, siyo kwa saa. Kila kipande kina mchezo wake, na mchezo wa kipande cha mbele hautoki mkobani kabla hatujafika.

Kutoka stendi ya Mbezi hadi Chalinze usiwape kitu. Wameamshwa saa tisa usiku, wana usingizi, na dirisha linawatosha. Mimi nilikata siti tatu, mbili pamoja na moja ng'ambo ya kijia, na mdogo nikampakata. Kwa mwezi wa sita omba siti za upande wa mlangoni, maana mchana jua linapiga upande wa dereva, na mtoto anayechomwa na jua hakuna mchezo utakaomtuliza.

Ukitoka Morogoro waandae kwa Mikumi. Barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na hapo wa 11 na wa 6 wanaweza kucheza pamoja, ila usiwaache washindane kwa kuwahi kuona. Mkubwa atawahi kila mara na mdogo wake atasusa. Mimi niliwagawia wanyama. Wa miaka 7 alipewa twiga, pundamilia na nyani, wanaoonekana hata kwa mbali. Mkubwa akapewa ngiri, nyati na tembo. Ngiri ana rangi ya vumbi na urefu wa majani, kwa hiyo inabidi atulize macho kweli. Nikawaambia pia watazame chini ya miti, kwa sababu basi la asubuhi linapita pale jua likiwa limeshapanda na wanyama wengi wamekimbilia kivuli. Mkubwa alikuwa na daftari, anaandika mnyama na saa aliyoonekana. Akiona vibao vya faini za kugonga wanyama, anatusomea anachowahi kabla basi halijapita. Matokeo yalikuwa 9 kwa 4, wa kati akashinda. Alisimulia hadi Ruaha Mbuyuni.

Sasa mlima wa Kitonga. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapoharibikiwa. Safari ile ya kwanza basi letu lilisimama kwa chakula kabla ya mlima, nikawanunulia chipsi na soda, kisha wa kati akainamia kitabu cha kuchora. Kona ya tatu au ya nne akaacha penseli, akanyamaza, uso ukapauka, akaanza kupiga miayo na kumeza mate. Sikujua kwamba hizo ndizo dalili. Alinitapikia mapajani. Ukiinamisha macho kwenye karatasi au simu, macho yanasema umetulia, huku sikio la ndani linahisi kila kona, na mvutano huo ndio unaoleta kichefuchefu. Siku hizi kabla ya Kitonga wanakula ndizi moja na maji kidogo, chipsi zinasubiri tumalize mlima. Na kuanzia mlima unapoanza hadi tuuache, hakuna kuinama. Macho nje, kwenye milima ya mbali.

Mchezo wa pale ni vitendawili, kwa sababu havihitaji mikono wala macho. Mkubwa ndiye mtegaji. Anasema "Kitendawili!", wanajibu "Tega!" Nyumba yangu haina mlango. Kuku wangu katagia miibani. Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni. Mdogo wa miaka miwili hajui jibu hata moja, ila "Tega!" anaiitikia kwa sauti kuliko wote, na hiyo kwake ni mchezo kamili. Wakishindwa, mtegaji anadai mji kama ilivyo desturi. Hapo niliongeza sharti moja: mji uwe mbele yetu, kwenye njia hiihii. Mkubwa nilimwandikia usiku wa kabla ya safari, akakariri: Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole. Wa kati mwanzoni alimpa Dar, akakataliwa, akampa Morogoro, akakataliwa tena. Mkubwa akadai, "Nipe Iringa!" Akapewa Iringa, akatoa jibu. Tulipoingia Iringa yenyewe wa kati alisimama kwenye siti akisema, "Mama, huu ndio mji niliompa dada!" Kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa akiulizia mji unaofuata, na lile swali la "tutafika lini" halikurudi tena.

Mdogo anahitaji kitu chake peke yake, kwa sababu umri huo mchezo mmoja haumshiki zaidi ya dakika kumi au kumi na tano. Chukua kopo tupu la maziwa ya unga lenye kifuniko cha plastiki, hakikisha mdomo wake hauna makali, toboa kifuniko tundu la kupita vidole viwili. Kata vipande vya kitenge vya urefu wa kiganja, vya rangi tofauti, kama kumi na viwili. Anavivuta kimoja kimoja, akimaliza anavisokomeza tena. Nilipotengeneza mara ya kwanza niliviunganisha kuwa utepe mmoja mrefu, nikamkuta anajizungushia shingoni. Usiviunganishe. Na vifuniko vya chupa za maji usimpe, vinaingia kooni. Kopo hilo nilimpa mara nne njiani, kila mara nikilificha baada ya robo saa, na kila likitoka alilipokea kama jipya.

Basi likisimama kwa kuchimba dawa, washushe wote watatu, hata asiyetaka. Mkubwa amshike wa kati mkono, wewe ubaki na mdogo, na mwambie konda mapema kwamba una watoto ili asiondoke.

Simu sasa. Inatoka baada ya Mafinga, siyo kabla. Misitu ya misonobari inafanana kwa muda mrefu, jua linashuka, michezo yote imeshatumika, na wote watatu wanakuwa wamechoka kiasi cha kugombania hata kifuniko. Pakua katuni mbili usiku wa kabla, maana mtandao unakatikakatika njiani, na uizime simu kabisa tangu Mbezi ili chaji ibaki. Mkubwa aishike yeye, katikati, kwenye usawa wa macho badala ya mapajani. Wangu walilala katuni ya pili ikiwa nusu.

Ila mwezi wa sita Makambako kuna baridi kali jioni. Masweta na soksi viwe kwenye mkoba wa miguuni, visiingie kwenye mabegi ya buti, maana konda hatafungua buti hadi Mbeya.